Sukari ya Kilindoni: nilivyowafundisha wanafunzi kiwango cha kuagiza na akiba ya tahadhari

Kila mwaka wanafunzi wangu wa ununuzi na ugavi wanakariri kanuni ya kiwango cha kuagiza upya, wanaiandika vizuri kwenye mtihani, kisha ukiwauliza mfuko wa ngapi ukifunguliwa mwenye duka apige simu, kimya. Safari hii niliacha mifano ya kiwandani nikachukua daftari la dada yangu, mwenye duka la rejareja Kilindoni, kisiwani Mafia. Tukashika bidhaa moja tu, sukari. Inanunuliwa kwa mifuko ya kilo 50 na inauzwa kwa kupimwa, kilo, nusu na robo.

Tulianza na mauzo ya siku. Katika kurasa za siku 60 sukari iliyouzwa ilikuwa kilo 1,080, na darasa zima likajibu haraka: wastani ni kilo 18 kwa siku. Nikawaambia watazame tena. Siku 6 daftari lilionyesha sifuri, na dada hakuwa amefunga duka wala watu hawakuacha kunywa chai. Sukari ilikuwa imekwisha. Sifuri ya namna hiyo haipimi mahitaji, inapima upungufu wa duka lenyewe. Ukiiingiza kwenye wastani utaagiza kidogo, utaishiwa tena, na sifuri zitaongezeka. Kwa hiyo tuligawa kwa siku 54 ambazo sukari ilikuwepo, tukapata kilo 20.

Kisha muda wa kusubiri mzigo. Dada alipoulizwa kwa simu alijibu, "Boti kutoka Nyamisati ni masaa tu, kaka, siyo siku." Kweli, lakini sisi hatuhesabu safari ya boti. Tunahesabu tangu anapompigia muuzaji wa jumla Kariakoo mpaka mfuko unapowekwa stoo: pesa kutumwa, mzigo kusubiri fuso, fuso kufika Nyamisati, mzigo kupata nafasi kwenye boti, na bahari kuruhusu. Oda zake 8 za mwisho zilichukua siku 3, 3, 2, 4, 3, 5, 4 na 8. Wastani ni siku 4.

Kama kila kitu kingekwenda kwa wastani, hesabu ingeishia hapo: kilo 20 mara siku 4 ni kilo 80. Agiza zikibaki kilo 80, na mzigo unaingia wakati kilo ya mwisho inapimwa. Lakini katika oda zile 8, mbili zilichelewa zaidi ya siku 4. Akiba ya tahadhari ni kilo unazoziongeza juu ya hizo 80 kwa ajili ya siku kama hizo.

Njia ya kwanza niliyowaonyesha ni ya woga. Chukua siku ya mauzo makubwa kabisa, kilo 30, uizidishe kwa oda iliyochelewa kuliko zote, siku 8. Unapata kilo 240. Ukitoa zile 80, akiba ni kilo 160, zaidi ya mifuko mitatu inayokaa tu. Kanuni hii ni rahisi na wengi wanaitumia, ila inachukulia kwamba ucheleweshaji mbaya kabisa utakutana na siku 8 mfululizo za mauzo makubwa kabisa. Mtaji wa duka dogo hauwezi kulala hivyo, na sukari ikikaa muda mrefu kwenye hewa ya pwani inashika unyevu na kuganda.

Njia ya pili inapima mtawanyiko, yaani namba zinavyokaa mbali na wastani wake, ile sigma ya somo la takwimu. Mauzo ya siku yalikuwa na sigma ya kilo 5 hivi, na muda wa kusubiri sigma ya siku 2 hivi. Kanuni ni hii:

```
SS  = z × √(L × σd² + d² × σL²)
ROP = d × L + SS
```

SS ni akiba ya tahadhari, ROP ni kiwango cha kuagiza, d ni wastani wa mauzo kwa siku, L ni wastani wa siku za kusubiri, σd ni sigma ya mauzo, σL ni sigma ya kusubiri, na z ni 1.65 ukitaka uhakika wa asilimia 95. Uhakika huo una maana kwamba katika oda 20, moja hivi utaishiwa kabla mzigo haujafika. Hausemi lolote kuhusu siku 95 kati ya 100, ingawa wengi huusoma hivyo.

Ndani ya kipeuo kuna vipande viwili. Cha mauzo ni 4 × 25 = 100. Cha kusubiri ni 400 × 4 = 1,600. Hapa ndipo nilipowasimamisha, maana ndilo jambo nililotaka waondoke nalo: mashaka karibu yote ya duka hili yanatoka njiani, wala si kwa wateja. Kipeuo cha pili cha 1,700 ni kama 41, mara 1.65 ni kilo 68. Ongeza 80, unapata 148. Tukaandika 150, mifuko mitatu kamili.

Mwanafunzi mmoja alijaribu kuifanya sigma ya mauzo iwe sifuri, kana kwamba dada anajua kila mteja wa kesho. Akiba ilishuka kwa kilo 2 tu, ikabaki 66. Aliposhusha sigma ya kusubiri kutoka siku 2 hadi 1, ilishuka hadi 37. Kwa hiyo dada akimpata wakala wa Nyamisati anayepakia mzigo kwa siku zinazojulikana, atapunguza akiba kwa zaidi ya mfuko nusu bila kumkosesha mteja sukari.

Kanuni hii nayo ina mpaka wake. Kilo 150 zinatosha siku 7 na nusu kwa mauzo ya wastani, maana yake ile oda ya siku 8 bado ingemkuta hana sukari. Oda 8 ni chache, na ucheleweshaji haujisambazi sawasawa pande zote mbili kama kanuni inavyodhani: mzigo hauwezi kuwahi kwa siku 4, lakini unaweza kuchelewa kwa siku 4. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka, tuliweka wastani wa kusubiri siku 6 na sigma 3. Kiwango kikapanda hadi kilo 221, na dada akakiweka mifuko mitano.

Dukani hakuna anayekokotoa vipeuo. Amri aliyopewa kijana wa kaunta ni moja: ukifungua mfuko wa tatu kutoka mwisho, piga simu kabla hujapima kilo ya kwanza. Alama ya rangi nyekundu ipo ukutani kwenye kimo cha mifuko mitatu. Hatukuiweka kwenye mifuko yenyewe, maana mfuko wenye alama hubaki chini miezi na kuganda, wakati mpya ndiyo inayouzwa.

Siku mbili baada ya oda ya kwanza kijana alipiga tena: "Mwalimu, zimebaki kilo 110, niongeze oda?" Hapana. Mifuko minne iko njiani, kwa hiyo anazo kilo 310 za kulinganisha na 150. Kilichopo stoo pekee hakitoshi kuamua. Tangu hapo ukurasa wa sukari una safu ya tatu, "njiani".

Ramadhani tuliitenga kabisa. Mwezi huo wastani wenyewe unahama, na akiba ya tahadhari haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Dada anatumia kurasa za Ramadhani iliyopita badala ya mwezi uliotangulia, na kwa kuwa mfungo unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, anaangalia pia utaangukia kusi au kaskazi kabla ya kuchagua L.