Barua ya kumaliza mkopo ilizidi taarifa kwa 12,240

Dada yangu, mwalimu hapa Mbeya, alitaka kulipa mkopo wake wote. Taarifa ya mkopo ilionyesha salio la 4,380,000, lakini barua ya benki ikadai 4,392,240. Akahisi kaongezewa ada ya kinyemela.

Nilitazama tarehe kwanza. Taarifa iliishia tarehe 25, siku riba ya mwezi inapoingizwa. Barua ilisema kiasi hicho ni cha malipo ya tarehe 31. Riba haisubiri kuandikwa. Inakua kila siku juu ya deni lililobaki, na kwenye taarifa itaonekana tarehe 25 ijayo. Mkataba unasema asilimia 17 kwa mwaka, salio linalopungua:

```
4,380,000 × 0.17 ÷ 365 = 2,040 kwa siku
2,040 × 6 = 12,240
```

Ikalingana mpaka shilingi ya mwisho. Ingebaki tofauti, hapo ndipo ningeulizia ada ya kulipa mapema.

Afisa mikopo alimwambia, “Mwalimu, ukilipa tarehe 31, lipa cha barua. Ukilipa cha taarifa, 12,240 inabaki na akaunti ya mkopo haifungwi.” Akalipa hivyo, na barua ya kuthibitisha hana deni akapewa.