Nalipa dukani kwa M-PESA, simu haitoki mkononi mwangu

Mjukuu wangu aliponiwekea programu ya M-PESA kwenye simu ya kutachi, nilimwambia nataka nijue kulipa mwenyewe pale kaunta. Huku kwetu Likoni nimewaona wazee wenzangu wakimpa keshia simu na kumtajia PIN mbele ya foleni nzima. Hilo linanitia hofu, kwa sababu aliyeisikia PIN anabakisha kuipata simu tu.

Kazi kubwa ilifanyika nyumbani. Kioo kilikuwa kinazimika nikiwa bado nasoma, basi tukaingia Settings, kisha Display, tukaongeza Screen timeout kutoka sekunde 30 hadi dakika 2. Hapo hapo tukakuza maandishi kwenye Font size. Mambo hayo mawili yalinisaidia kuliko maelezo yote, maana mtu anayesoma kwa utulivu haharakishwi na kioo. Picha ya M-PESA tukaivuta chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, mahali kidole gumba kinafika.

Kabla sijatoka naangalia salio. Nisipofanya hivyo na pesa zikapungua, huenda nikaulizwa kama nataka Fuliza, na Fuliza ni deni lenye gharama. Swali kama hilo halifai kujibiwa watu wakiwa wamesimama nyuma yako.

Dukani nasubiri keshia ajumlishe kwanza. Chukua siku niliyonunua unga, sukari na mafuta, jumla ikawa shilingi 740. Nilifungua programu, nikagusa Pay, halafu Buy Goods. Pale kaunta pamebandikwa nambari ya Till. Naiandika tarakimu tatu tatu, nikimsomea keshia kwa sauti naye akifuatisha. Nambari ya Till si siri, kwa hiyo kuisema hakuna ubaya. Ukikuta pameandikwa Pay Bill, hiyo ni njia nyingine yenye nambari ya akaunti pia, usiichanganye na hii.

Kisha naandika kiasi. Hapa macho yanahitaji kazi, kwa sababu 740 na 7400 zinatofautiana kwa mguso mmoja wa sifuri. Sigusi cha kuendelea mpaka nimezisoma tarakimu zote.

Baada ya hapo linatokea jina la biashara pamoja na kiasi. Hapa ndipo ninapokaa zaidi. Namuuliza keshia, “Mwanangu, jina hili ndilo la duka lenu?” Siku hiyo alinijibu, “Ndilo hilo bibi, la mwenye duka.” Jina la Till si lazima lifanane na la kibao cha nje, ndiyo maana nauliza badala ya kubahatisha. Jina likiwa halijulikani kwao, narudi nyuma na kuandika nambari upya. Mpaka hapo hakuna hata senti iliyotoka.

PIN naiweka mwisho, simu nikiielekeza kifuani na mkono mwingine ukiikinga kama ukuta. Keshia mwenye adabu hutazama pembeni, na asipotazama, namwomba.

Pana maduka ambayo keshia anaomba nambari yako ya simu, kisha ombi la malipo linatokea lenyewe kwenye kioo likitaka PIN. Ni sawa, alimradi unasoma jina na kiasi kabla ya kuandika. Ombi kama hilo likikujia ukiwa nyumbani na hujanunua kitu, lifute.

Malipo yakipita unaletewa ujumbe unaoanza na msimbo wa herufi na tarakimu, kisha neno Confirmed, kiasi, jina la duka na salio jipya. Wangu ulisema Ksh740.00, na Transaction cost Ksh0.00, kwani kwa Buy Goods mnunuzi hatozwi. Keshia naye hupata wake, na ni wake ndio unaomtosheleza. Mwonyeshe ujumbe, simu ukiwa umeishika wewe.

Mtandao ukisuasua ujumbe unaweza kuchelewa, na keshia akakwambia, “Bibi, haijaingia, tuma tena.” Usitume tena. Angalia salio kwanza. Likiwa limepungua 740, pesa zimetoka, na linalobaki ni kusubiri pamoja naye. Likiwa vile vile, hapo unaweza kurudia. Programu ikigoma kabisa kwa kukosa intaneti, napiga *334# na kufuata menyu ya kulipa. Haihitaji bando, na maswali ni yale yale: nambari ya Till, kiasi, kisha PIN.

Ule ujumbe siufuti mpaka vitu vimefika nyumbani na nimevihesabu, kwani nikirudi dukani kulalamika, ule msimbo wa mwanzo ndio wanaoutafuta kwenye rekodi zao.