Jumla Iliyorudi Nyuma

Juzi kijana tuliyempokea kazini aliniuliza, "Kaka, kwa nini dashibodi zetu zote zina saa mbili pale chini? Moja si ingetosha?" Nikamwambia nitamweleza baadaye. Nikarudi kwenye kiti changu, nikabaki naikodolea macho ile saa ya pili, na aliyenijia kichwani ni mama wa uhasibu na karatasi yake.

Ilikuwa wiki ile seva ya ripoti ilipokufa. Ilikufa Jumamosi, diski na kila kilichokuwamo, na mimi sikuwa na wasiwasi mkubwa. Kila Jumapili nakala rudufu ya folda ya `/home/ripoti` ilikuwa inapelekwa mahali pengine: skripti, mipangilio, na faili la manenosiri lililofungwa kwa `gpg`. Kaulisiri ya kulifungua nilikuwa nimeiandika kwenye daftari ndani ya droo. Najua haifundishwi hivyo, lakini ningelifunga faili hilo kwa ufunguo uliokaa kwenye seva ileile, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Kufika Jumamosi jioni nilikuwa na seva mpya. Nikarudisha folda, nikafungua manenosiri, nikayapakia kwenye dirisha langu la amri, nikaendesha `sasisha.sh` kwa mkono. Dashibodi ikajaa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ratiba yenyewe sinayo. `crontab` haikai kwenye folda ya mtumiaji, inakaa `/var/spool/cron/crontabs`, na huko bakapu yangu haikuwahi kukanyaga. Nikaiandika upya kwa kumbukumbu, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, nikaenda kulala.

Jumapili asubuhi hakuna kilichotokea. Hata kosa sikuliona, maana seva mpya haikuwa na programu ya barua pepe, na `cron` ikikosa pa kutuma malalamiko yake huyatupa. Nikaelekeza matokeo kwenye faili la logi, kisha nikaiendesha skripti kama `cron` inavyoiendesha, yaani bila kitu chochote kilichobaki kwenye dirisha langu:

```
env -i HOME=/home/ripoti PATH=/usr/bin:/bin \
  /bin/sh -c 'cd /home/ripoti/kazi && ./sasisha.sh'
```

Jibu likaja palepale:

```
psql: error: connection to server on socket
"/var/run/postgresql/.s.PGSQL.5432" failed: No such file or directory
```

Ukiuona ujumbe huo kwenye mashine ambayo haina hifadhidata yake yenyewe, usikimbilie kuhangaika na mtandao. `psql` haikuambiwa iende wapi, ndiyo maana inaitafuta hifadhidata humohumo ndani. Kumbe ule mstari wa zamani wa `crontab`, uliopotea, ndio uliokuwa unasoma `siri.env`, faili lenye anwani ya hifadhidata na nenosiri, kabla ya kuita skripti. Mimi kwa mkono nilikuwa nimelisoma mwenyewe bila hata kufikiri. Safari hii nikauweka usomaji huo ndani ya skripti, ili `crontab` ibaki na kazi ya saa tu:

```
set -a; . /home/ripoti/kazi/siri.env; set +a
```

Jumatatu alfajiri ikajiendesha yenyewe. Logi safi. Chini ya dashibodi: "Imesasishwa leo 05:20." Nikajipongeza kwa ujumbe mfupi kwenye kundi la kazi, ujumbe ambao hadi leo natamani ungefutika.

Mama wa uhasibu alikuja Jumanne. Hakupiga simu wala kuandika, alikuja mwenyewe, taratibu, na karatasi mkononi. Kila Ijumaa alikuwa anachapisha ukurasa wa kwanza wa dashibodi na kuutoboa kwenye faili lake, tabia ambayo sisi vijana wa kompyuta tulikuwa tunaicheka pembeni. Akaiweka karatasi mbele yangu, akaweka kidole chini ya namba.

"Mwanangu, hii ni oda ngapi?"

"48,317, mama. Jumla tangu mwaka uanze."

"Ya Ijumaa hiyo. Sasa nisomee ya leo."

Nikatazama skrini. 47,902. Nikaisoma kwa sauti, na kabla sijamaliza nikahisi masikio yanapata joto.

"Jana pia ilikuwa hiyohiyo," akasema. "Mimi si mtu wa kompyuta. Lakini jumla ya tangu mwaka uanze inapunguaje?"

Haipungui. Oda zilizofutwa zilikuwa na safu yake, hazikuondolewa kwenye jumla. Nikasema kitu kuhusu seva mpya kuzoea mazingira, neno lisilo na maana yoyote, naye akanitazama vile mama anavyomtazama mtoto aliyeficha sahani iliyovunjika. Hakuondoka. Akavuta kiti, akakaa. Nikaandika mbele yake:

```
SELECT inet_server_addr(), max(created_at) FROM orders;
```

Safu ya kwanza inasema umeunganishwa na mashine ipi, ya pili oda ya mwisho iliingia lini. Oda ya mwisho ilikuwa ya Jumatano iliyopita, usiku. Na ile anwani niliijua vizuri sana, kwa sababu usiku huohuo wa Jumatano tulikuwa tumeihama.

Mambo yalikwenda hivi. Jumatano tulihamisha hifadhidata kwenda mashine nyingine. Alhamisi nikaingia kwenye seva ya ripoti, nikabadili anwani ndani ya `siri.env` kwa mkono, basi. Jumamosi seva ikafa na badiliko langu. Nakala niliyorudisha ilikuwa ya Jumapili ya nyuma, kabla ya kuhama, kwa hiyo skripti ilirudi kwa uaminifu kabisa kwenye nyumba ya zamani, ikagonga, ikafunguliwa. Nenosiri la zamani lilikuwa bado linakubalika. Lingekataliwa, ningelijua tatizo Jumamosi ileile jioni.

Ile saa ya "Imesasishwa" nayo haikudanganya. Ilisema skripti imeendeshwa saa ngapi, na kweli iliendeshwa. Haikuulizwa data ni ya lini.

Nikabadili mstari mmoja, nikaendesha. Namba ikapanda kuipita ya Ijumaa. Mama akaiandika kwa kalamu pembeni ya karatasi yake, akaitazama kidogo, akasema, "Haya," akaenda zake.

Wiki hiyohiyo nikaongeza saa ya pili, inayotoka kwenye `max(created_at)` na si kwenye saa ya seva. Si dawa ya kila kitu: kukiwa na sikukuu na hakuna oda iliyoingia, inaonekana imeganda ilhali kila kitu ni kizima, na simu huanza. Pia `crontab -l` sasa inamwagwa kwenye folda ya bakapu kila usiku, na kila anayegusa `siri.env` huchukua nakala palepale bila kusubiri Jumapili. Angalau ndivyo tulivyokubaliana.

Kwenye kikao mtu mmoja aliuliza, kwa hasira kidogo, ni nani aliyeomba hifadhidata ya zamani iachwe ikiwaka wiki mbili baada ya kuhama. Niliomba mimi. Kwa tahadhari, nilisema wakati ule, data isije ikapotea. Bado sijui kama nilikosea kuiomba.

Kijana amenikumbusha tena leo. Kwenye dashibodi moja saa ya pili imesimama jana mchana, aiendeshe skripti upya? Nimemwambia asiguse, kwanza anisomee anwani.