Jumatatu hadi Ijumaa

"Mama, kama hawajatangaza nafasi yoyote, nawaandikia naomba nini?" Binti yangu aliniuliza hivyo juzi usiku, barua pepe ya kuomba fildi ikiwa wazi mbele yake. Nilisoma mstari wake wa tatu, "niko tayari wakati wowote mtakaoona inafaa," nikajikuta nimerudi kwenye intaneti kafe ya Mwenge, Juni 2009.

Barua yangu ya kwanza niliituma Mei, kwenda ile anwani ya jumla inayoanza na info@, ya karakana moja ya kusuka mota kando ya Barabara ya Pugu. Niliambatanisha wasifu wa kurasa nne pamoja na vyeti nilivyoviskani kama picha. Ilirudi siku hiyohiyo kutoka kwa Mailer-Daemon, na ndani yake kulikuwa na namba 552, maana yake ujumbe umezidi ukubwa unaopokelewa upande wa pili. Sikuelewa, kwa sababu mafaili yangu yalikuwa chini ya kikomo nilichokuwa nimeambiwa. Baadaye nilijifunza kwamba kiambatanisho hugeuzwa kuwa herufi ili kisafiri kwa barua pepe, na mgeuzo huo hukiongezea ukubwa kwa takriban theluthi moja. Faili la MB 6 linafika mlangoni likiwa na MB 8. Vyeti nikaviacha. Anayetaka kujua kama unafaa kukaa karakanani wiki chache hahitaji kuviona siku ya kwanza.

Wasifu niliupunguza hadi ukurasa mmoja. Shule ya msingi ikatoka, hali ya ndoa ikatoka. Vilivyobaki ni simu, kozi na mwaka wa masomo, masomo matatu yanayogusa mota, vitu nilivyokwisha kuvifanya kwa mikono maabara (kupima insulesheni ya mota, kuunga kianzishi cha nyota-delta), na mwalimu mmoja wa kuulizwa. Nikauhifadhi kama PDF, maana faili la .docx lilikuwa halifunguki kwenye Word 2003 bila nyongeza maalumu, na kompyuta nyingi za ofisi bado zilikuwa na Word hiyo. Jina la faili likaanza na jina langu. Faili linaloitwa CV.pdf, likishahifadhiwa pamoja na mengine yenye jina hilohilo, halijulikani tena ni la nani.

Halafu nikapiga simu mapokezi, nikauliza jambo moja tu: mkuu wa karakana anaitwa nani na anwani yake ni ipi. Nikapewa.

Saa nzima ya kafe iliishia kwenye aya moja. Niliandika "kwa muda wa miezi miwili", nikafuta. Nikaandika "wakati wa likizo", nikafuta tena, kwa sababu mkuu wa karakana hajui likizo yangu inaanza lini. Akisoma hivyo atalazimika kuniuliza, na mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kutangaza hana sababu ya kuanza kuulizana na mgeni. Nikaomba kalenda ya ukutani ishushwe, nikahesabu wiki kwa kidole. Ikawa hivi:

"Najua hamjatangaza nafasi. Naomba kufanya fildi katika karakana yenu kwa wiki 8, kuanzia Jumatatu 20 Julai hadi Ijumaa 11 Septemba 2009. Ikiwa wiki ya kwanza ina kazi nyingi, naweza kuanza Jumatatu inayofuata, ila lazima nimalize ifikapo Ijumaa 18 Septemba. Siombi mshahara. Msimamizi wa chuo atakuja mara moja tu, na daftari langu la kila siku litahitaji saini yenu kila Ijumaa."

Sentensi mbili za mwisho nilikaribia kuziondoa, nikiogopa kumtisha kwa masharti. Nikaziacha, kwa sababu ndizo zilizomwonyesha mzigo wote atakaoubeba, asidhani kuna mwingine uliofichwa. Kwenye kichwa cha barua nikaweka tarehe zilezile: "Ombi la fildi, 20 Julai – 11 Septemba 2009, mwanafunzi wa umeme."

Siku sita kimya. Siku ya saba nilipiga simu kuuliza kama imefika, na jioni jibu likaja: "Wiki hiyo tuko kazini nje ya Dar. Njoo tarehe 27."

"Kwa hiyo ni tarehe ndiyo iliyokupa nafasi, au ni simu?" binti yangu akauliza. Sijui, na mhandisi yule hakuwahi kuniambia. Najua tu kwamba jibu lake lilikuwa na sentensi mbili, na kwamba 27 Julai ilikuwa ndani ya nafasi niliyomwachia.

Nikamuuliza chuo chao kinataka fildi iishe lini. Hakuwa na uhakika. Nikamwambia asitume kwanza, asubuhi apite ofisi ya mafunzo kwa vitendo akaulize tarehe hiyo ya mwisho, kisha ahesabu kurudi nyuma.