Kamba zao au kamba wao: ninavyoamua maana katika taarifa za wavuvi

Hapa Bagamoyo neno "kamba" lina kazi mbili kubwa: ni la kufungia nanga na nyavu, na ni la kuliwa. Mimi hutafsiri taarifa za vikundi vya wavuvi kwenda Kiingereza, lugha ambayo ina maneno mawili yasiyohusiana kabisa kwa vitu hivyo. Ukichagua vibaya, msomaji hatajua kuna kosa. Ataamini tu kwamba wavuvi wamepakia nailoni kwenye barafu.

Kitu cha kwanza ninachotazama ni upatanisho. Ile ya kufungia inakwenda na "hii" na "hizi": kamba imekatika, kamba nyingi zimechakaa. Yule wa baharini ni mnyama, kwa hiyo ni huyu na hawa: kamba amevuliwa, kamba wengi wamepatikana. Sentensi nyingi huishia hapo. Taarifa nyingine huandika "kambamiti", na hapo hakuna cha kuamua.

Shida inaanzia kwenye vimilikishi. Wanyama wa ngeli ya N wakiwa wengi, Waswahili husema "mbuzi zangu" na "ng'ombe zetu" bila kusita. Kwa hiyo "kamba zao" haithibitishi kitu, hata kama ile "z" inakuvuta upande wa zana. Ninaruka kimilikishi na kutafuta kivumishi au kiambishi cha kitenzi kinachofuata. "Kamba zao nyingi" ni zana. "Kamba zao wengi" ni wa kuliwa. Kama sentensi haina kivumishi wala kiambishi kinachomrejelea kamba, haijasema chochote bado, na ninaendelea kusoma mbele.

Chukua mfano huu, ambao nimeutunga kwa mtindo wa taarifa ninazopokea: "Wavuvi huanika kamba zao ufukweni. Zikikauka hutiwa kwenye magunia." Sentensi ya kwanza ina kimilikishi peke yake, na jua la ufukweni hukausha vyote viwili. Ya pili ina "zikikauka", na mwenye haraka ataandika neno la zana hapohapo. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu watu wengi wakishamvua mnyama na kumgeuza bidhaa humhesabu kama kitu. Utawasikia sokoni wakisema "samaki zimeoza", na katibu wa kikundi huandika anavyosema.

Kwa hiyo ninarudi nyuma kumpima mwandishi mwenyewe. Ninatafuta wanyama wengine kwenye taarifa hiyohiyo: samaki, pweza, ngisi. Akiandika "pweza wakikauka", basi huyu anashika upatanisho wa wanyama, na "zikikauka" yake ni ushahidi mzito wa zana. Akiandika "pweza zikikauka", ile "zi" haina uzito tena. Tuseme katika taarifa yetu aya ya juu inasema "samaki zikiwa mbichi". Sarufi imejitoa, inabaki biashara.

Hapo ninatazama kipimo na safari ya kitu chenyewe. Zana huhesabiwa kwa mita, pima au roli, huzungushwa na kutundikwa, na baada ya kukauka hurudi chomboni. Chakula hupimwa kwa kilo au kisado na huenda kwa mnunuzi. Gunia peke yake halitoshi, maana hata kamba kuukuu huweza kutupwa humo. Lakini mistari miwili chini ikisema "kisado huuzwa kwa bei ya makubaliano", nimemaliza: ni wa kuliwa. Kisha ninaangalia kama taarifa inataja uduvi mahali pengine. Ikiwataja kando, sichukui neno la Kiingereza la wale wadogo kabisa kwa ajili ya hawa kamba.

Kabla ya yote hayo, lakini, ninapitisha jicho kuona kama "kamba" imo ndani ya msemo. "Kuvuta kamba" kwenye habari za mashindano, au "anatupiga kamba" kinywani mwa kijana anayemwita mwenzake mwongo, havifiki kwenye pima wala kisado. Hizo hutafsiriwa nzimanzima.

Ikibaki sentensi ambayo njia zote zimekwama, kwa mfano "Kila mmoja alipe gharama ya kuhifadhi kamba zake" peke yake kwenye tangazo, sibahatishi. Ninampigia katibu na sitaji maana yoyote kati ya hizo mbili. Ukimuuliza "ni wa kuliwa, siyo?" ataitikia kwa adabu tu. Ninamuuliza: "Samahani kaka, hivyo vinahifadhiwa wapi, na kwa muda gani?" Akijibu "kwenye barafu, mpaka gari la mnunuzi lifike", ninaandika.