Siku moja kwa deski ya wateja, duka la vifaa vya kompyuta Kisumu

Saa mbili asubuhi. Nafungua simu ya duka, meseji ya kwanza ni ya mwalimu mmoja wa Kakamega, chaja aliyoletewa jana jioni haiingii kwa laptopu yake na leo usiku lazima aingize maksi za wanafunzi. Hajatukana, ameuliza tu "sasa tunafanyaje?" na mimi mtu akiniuliza hivyo kwa upole ndio nakimbia zaidi.

Kabla ya pole yoyote nilimwomba picha mbili, ya lebo ya chaja na ya pini yake karibu karibu. Zikaingia. Oda inasema HP ya pini ndogo ya bluu, 19.5V 3.33A. Kwa picha naona pini nene nyeusi, 18.5V 3.5A, ile ya laptopu za HP za zamani. Zote mbili ni wati 65, boksi zinafanana kabisa, na huko stoo mtu akisoma wati peke yake anabeba yoyote.

Saa mbili na nusu niko stoo mwenyewe. Sitaki kuambiwa "ziko", nataka niishike, nisome lebo, niilinganishe na oda, niichomeke kwa laptopu ya majaribio nione taa ya chaji imewaka. Ukimwahidi mtu chaja nyingine halafu upate imeisha, hiyo pole ya pili hakuna atakayeiamini.

Saa tatu ndio naandika. Dada mgeni hapa deskini alikuwa ameshaanza, "Samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza", nikamwambia dadangu futa hiyo, mwalimu anajua usumbufu gani na sisi tunajua, tutaje. Tukatuma hii:

"Mwalimu, habari ya asubuhi. Uliagiza chaja ya HP ya pini ndogo ya bluu, sisi tukakutumia ya pini nene. Kosa ni letu na pole sana, najua una maksi za kuingiza leo. Chaja yako sahihi nimeijaribu na inaondoka Kisumu saa nne, inakufikia shuleni mchana. Mtu wa boda atakayeileta ndiye atabeba ile nyingine, mpe hata kama boksi limeraruka. Hulipi chochote, kuleta wala kuchukua. Akikuomba pesa au PIN ya M-Pesa usimpe, nipigie mimi. Tafadhali usiilazimishe ile nene kwenye tundu. Ukipenda kurudishiwa pesa badala ya chaja niambie kabla ya saa nne."

Hapo kwa boda ndio pale nashikilia sana. Kuna maduka yanakuambia rudisha kwanza, tukiipokea tutakutumia nyingine, na nauli ya kurudisha ni yako. Yaani mtu hajafanya kosa lolote halafu anakaa siku mbili tatu bila chaja, na bado anatoa pesa mfukoni kupeleka mzigo steji. Sisi tunabadilisha mkono kwa mkono, duka ndilo linabeba hatari ya hiyo saa moja. Na onyo la PIN sio la kujaza nafasi, matapeli wakisikia mtu anangoja pasel ndio hujifanya wa dilivari.

Akajibu "sawa, niletee tu chaja". Saa nne pasel ikaingia matatu ya Kakamega, nikamtumia namba ya gari na jina la kijana wa boda atakayeipokea huko steji. Barabara ni kama kilomita 50 kupitia Chavakali, saa moja na kitu ikiwa hakuna jam.

Katikati nilishughulika na mengine, wateja wa kawaida, lanchi ya haraka, samaki na ugali.

Saa saba na robo kijana wa boda akapiga akiwa getini. Nikamwambia asiondoke hadi mwalimu aichomeke na taa iwake, hizo dakika mbili tunamlipa. Ikawaka. Akapiga picha ya ile nene ikiwa mkononi mwake, nikamwandikia mwalimu papo hapo kwamba tumeipokea na hana deni letu, maana bila hiyo meseji mtu anaweza kupigiwa simu wiki ijayo na mtu mwingine wa duka akidai chaja ambayo alisharudisha.

Saa kumi ile nene imefika Kisumu na gari la kurudi, nimeijaribu, iko sawa, nikairudisha kwa hesabu ya stoo, na nauli zote nikaandika upande wa duka. Kisha tukakaa na kijana wa stoo tukazitenganisha hizo chaja rafu mbili tofauti, kila boksi limebandikwa pini yake kwa maka nyekundu, bluu ndogo huku, nene kule, na kuanzia kesho anayefunga pasel anapiga picha ya pini kabla ya kubandika selotepu.

Saa kumi na moja mwalimu ameandika maksi zinaingia, na anauliza kama tuna mausi.