Silinda imeongeza mwendo, pampu ni ileile

Mashine yetu ya kubana maboksi ilikuwa inachosha. Silinda ina kipenyo cha sentimita 10, rodi sentimita 7, safari sentimita 60, na pampu inatoa lita 20 za mafuta kwa dakika. Kusukuma mpaka mwisho kulichukua sekunde 14, na muda mwingi bamba lilikuwa linasogeza maboksi malegevu tu. Mwenye mashine alitaka pampu kubwa, ambayo ingedai na mota kubwa. Nikamwomba nijaribu kwanza mafuta yanayotoka upande wa rodi.

Silinda inaposukuma, upande wa rodi hutema mafuta, nasi siku zote tulikuwa tunayarudisha kwenye tenki. Ukiyaunganisha na ya pampu, yote yanaingia nyuma ya pistoni. Presha inalingana pande zote mbili, lakini nyuma ya pistoni eneo ni kubwa zaidi, kwa hiyo rodi inatoka. Pampu inabaki na kazi ya kujaza nafasi inayoachwa na unene wa rodi tu: sentimita za mraba 38.5 badala ya 78.5. Zile sekunde 14 zinakuwa 7.

Nguvu nayo inapungua vilevile. Kwa presha ya baa 150, tani 12 zinashuka karibu na 6, na robota halikazi. Hapo ndipo inapohitajika vali ya zamu: inakaa kwenye njia ya rodi kwenda tenki, imefungwa, na inasikiliza presha ya nyuma ya pistoni kwa kimrija chembamba. Maboksi yakianza kugoma presha inapanda, vali inafunguka, mafuta ya rodi yanaenda tenki, na nguvu yote inarudi.

Siku ya kwanza kijana wangu wa karakana akaniita: "Fundi, inatoka mbio lakini hairudi!" Geji ilikuwa imelala chini. Kosa lilikuwa langu. Vali ya njia moja niliifunga kutoka upande wa rodi moja kwa moja hadi nyuma ya pistoni, na wakati wa kurudi mafuta ya pampu yakapita humo humo yakaishia tenki. Nikaihamisha, ikaingiza mafuta ya rodi kwenye bomba la pampu kabla ya vali ya mwelekeo, ile inayoamua silinda itoke au irudi. Sasa wakati wa kurudi presha ya pampu ndiyo inayoifunga. Vali ya zamu niliichagua yenye njia ya kurudi ndani yake, ili mafuta yafike kwenye rodi bila kizuizi.

Bamba likisukuma maboksi malegevu geji husoma kama baa 30, hivyo vali ya zamu niliiweka baa 60. Mwanzoni sindano ya geji ilitetemeka kila vali hiyo ilipofunguka, kwa sababu ikifunguka tu presha hushuka, nayo inataka kujifunga tena. Kitundu chembamba kwenye kile kimrija kiliituliza.

Hozi ya nyuma ya pistoni na vali ya mwelekeo nilizibadilisha pia, kwani sasa zinapitisha lita 41 kwa dakika.